Daftari la mfukoni: kumfundisha upya mtu aliyepoteza kumbukumbu

Wageni wakija kumjulia hali mtu aliyepoteza kumbukumbu, swali la kwanza huwa lile lile: "Unanikumbuka mimi?" Mgonjwa anamtazama mgeni usoni, anatafuta, kisha anajibu, "Wewe mjomba." Mgeni anamsahihisha kwa upole: "Hapana, mimi jirani yako, wa pale dukani." Kesho yake jirani akirudi anaitwa mjomba tena, na safari hii mgonjwa anatamka bila kusita. Familia inadhani hali imezidi kuwa mbaya. Kumbe mgonjwa amejifunza. Amejifunza kosa, na waliomfundisha ni watu wanaompenda.

Ukielewa jambo hilo moja, utaelewa karibu kila kitu kinachofanyika katika utengamao wa kumbukumbu, yaani kumfundisha upya mtu wa namna hii.

Kumbukumbu haikai ghala moja. Ile inayotunza matukio, kama nani alikuja jana na umeniambia nini dakika tano zilizopita, inategemea sana hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo, moja kila upande, karibu na usawa wa masikio. Ile inayotunza mazoea na ustadi wa mikono inatumia sehemu nyingine. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ikaondolewa. Tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kutunza tukio jipya. Lakini mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari kwa siku tatu mfululizo, na kila siku aliamini hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Kwa hiyo mlango wa kujifunza upo. Shida ni kwamba mlango huo hauna bawabu. Mtu mwenye kumbukumbu nzima akikosea, analikumbuka tukio la kukosea: nilisema mjomba, wakanicheka, kumbe ni jirani. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayolizuia kosa lisirudi. Aliyepoteza kumbukumbu hana tukio la kukumbuka. Kinachobaki kwake ni njia iliyopitwa mara moja: uso huu, neno hili. Ukimwuliza tena, ulimi unafuata njia iliyo wazi. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson walilipima jambo hili kwa kuwafundisha wagonjwa maneno kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, mgonjwa alipewa herufi mbili za mwanzo akaambiwa abahatishe. Katika ya pili aliambiwa neno papo hapo na kuliandika. Wagonjwa walijifunza vizuri zaidi pale walipozuiwa kubahatisha. Huko ndiko kujifunza bila kukosea.

Tuchukue mfano, tuliouunda kwa ajili ya makala hii. Fundi cherehani wa miaka 38, mkazi wa Tandika, aliugua homa kali na degedege. Ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa na virusi vya hapesi, jamii ile ile inayoleta vidonda vya midomoni. Virusi hivi vikifika kwenye ubongo huharibu zaidi sehemu za pembeni, ambako hipokampasi zipo. Dawa ziliokoa maisha yake. Miezi sita baadaye anamjua mkewe na watoto, anazungumza vizuri, na ukimkalisha kwenye cherehani anatunga uzi na kushona pindo lililonyooka kama zamani. Ila hakuna jambo jipya linalokaa kichwani mwake zaidi ya dakika chache. Kabla ya adhuhuri anakuwa ameshamwuliza mkewe mara nyingi mno, "Leo nina kazi gani?" Vitambaa viwili vya wateja amevikata kwa vipimo vya mtu mwingine.

Kabla ya kuanza mafunzo yoyote, daktari anapaswa kuangalia kinachoweza kuizidisha shida: dawa za usingizi au za wasiwasi zinazofifisha kumbukumbu, degedege ndogondogo za kuzubaa zisizotambuliwa, kukosa usingizi, sonona. Pia hakikisha anaona na anasoma, maana kama hasomi vizuri, vikumbusho vyake vitakuwa vya picha. Hapo ndipo linakuja swali gumu zaidi: tumfundishe nini?

Familia nyingi hutaka kumbukumbu yenyewe irudi, hivyo mgonjwa anakaririshwa orodha za maneno, majina ya mikoa au michezo ya kadi. Mazoezi hayo humfanya awe hodari wa orodha ile ile, na uhodari hauvuki kwenda kwenye dawa wala kwenye vitambaa. Kwa fundi wetu, jambo lenye faida kubwa kuliko yote ni tendo moja: kutoa daftari mfukoni na kulisoma. Akiwa na tendo hilo, mengine yote yanaweza kuandikwa. Kwa hiyo tunatumia uwezo mdogo wa kujifunza uliobaki kumfundisha kutumia kikumbusho, na kikumbusho ndicho kinachobeba mzigo.

Njia ya kulifundisha tendo hilo ni kukumbuka kwa vipindi vinavyorefuka. Unaulizwa swali moja, unatoa jibu moja, kisha unaulizwa tena baada ya muda unaozidi kuwa mrefu. Landauer na Bjork waliielezea mwaka 1978, na baadaye Cameron Camp akaifanya iwafae wagonjwa wenye ugonjwa wa kusahau. Inahitaji saa ya simu, mahali tulivu na mtu mmoja mvumilivu. Hapa mtu huyo ni mke wa fundi, akiwa ameelekezwa na mtaalamu wa tiba kazi.

Kwanza wanachagua maneno na kuyaandika, ili yasibadilike kila siku. Swali: "Ukitaka kujua kazi za leo, unafanya nini?" Jibu: "Natazama daftari mfukoni." Jibu liwe fupi, liwe la maneno yake mwenyewe, na liende pamoja na tendo, yaani akitamka, mkono unaingia mfukoni na daftari linatoka. Tendo la mkono husaidia kuliko maneno matupu, kwa sababu ndilo tutakalolihitaji sokoni.

Mke anaanza kwa kumpa jibu. Haulizi kwanza.

"Baba Rehema, tutafanya zoezi la daftari. Ukitaka kujua kazi za leo, unatazama daftari mfukoni. Haya, ukitaka kujua kazi za leo, unafanya nini?"

"Natazama daftari mfukoni," anasema, na kulitoa.

"Ndivyo. Kama huna hakika wakati wowote, usibahatishe. Niambie tu 'sijui', nitakusaidia."

Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Njia ya vipindi inamtaka mgonjwa avute jibu kichwani mwake mwenyewe, na njia ya kutokukosea inamkataza kubahatisha. Mbili hizi zinavutana. Ruhusa ya kusema "sijui" ndiyo inayozipatanisha: anajaribu, lakini akikosa, hakuna neno baya linalotoka kinywani.

Anaulizwa tena baada ya sekunde 15, kisha 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8 na 16. Vipindi hivyo vyote vikijumlishwa ni nusu saa na ushei, kikao kizima cha siku. Kati ya swali na swali wasikae kimya wakisubiri, maana mgonjwa atalirudiarudia jibu kimoyomoyo, nasi tunataka litoke akilini kabisa kisha lirudi. Wachambue mchele, wapange vifungo, wazungumzie mpira.

Tuseme amefika dakika 4 vizuri. Kwenye dakika 8 anaulizwa na macho yanahama, yanatazama dari, midomo inaanza kujipanga kutoa neno. Hapo mke asingoje. Ahesabu kimoyomoyo hadi 3 tu, kisha amwambie: "Unatazama daftari mfukoni. Unafanya nini?" Fundi anarudia na kulitoa. Kipindi kinachofuata kinarudi dakika 4, mahali pa mwisho alipofaulu, na akifaulu hapo wanapanda tena 8. Hakuna "fikiri vizuri", hakuna "linaanza na 'na'..." Vidokezo vya namna hiyo ndivyo vinavyozaa majibu ya kubahatisha.

Kesho yake kikao kinaanza na swali lile lile, bila maelezo ya kwanza. Akipatia, wanaanza kwenye kipindi kirefu walichofika jana. Akikosa, anapewa jibu na wanaanza chini. Tendo linahesabiwa kuwa limeshika pale anapopatia lile swali la kwanza vikao vitatu mfululizo, siku tofauti. Wengine hufika huko ndani ya wiki moja, wengine huhitaji wiki kadhaa. Mke anaandika kila siku vitu viwili tu: swali la kwanza alipatia au la, na kipindi kirefu alichofika. Bila rekodi hiyo, siku mbili mbaya humvunja moyo mtu wakati mwendo kwa jumla unapanda.

Akikwama kipindi kile kile zaidi ya mara tatu, kasoro mara nyingi ipo kwenye zoezi lenyewe. Huenda jibu ni refu. Huenda mke anasema "daftari" na mwanawe anasema "kitabu". Huenda wanafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja, jina la mtaalamu na daftari, na majibu yanachanganyikana. Huenda pia watoto wamekuwa wakimpima mchana: "Baba, unakumbuka unafanya nini?" na kumwacha ahangaike. Hilo la mwisho ndilo hutokea mara nyingi zaidi, na halionekani kwenye kikao. Nyumba nzima inapaswa kuambiwa: hakuna kumpima baba. Mgeni akiingia ajitaje mwenyewe, "Shikamoo, mimi jirani yako wa dukani," kabla hajauliza hali.

Sasa daftari lenyewe. Liwe dogo la kuingia mfuko wa shati, jalada la rangi moja inayong'aa, kalamu imefungwa kwa uzi. Kalamu isipofungwa hupotea siku ya kwanza, na daftari lisilo na kalamu linabaki kuwa kitabu cha kusoma tu. Ndani yake sehemu tatu zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni ukurasa wa leo, wenye tarehe juu na kazi kwa mpangilio wa saa. Ya pili ni wateja. Ya tatu ni ukurasa mmoja wa "Kilichonipata", unaoeleza kwa sentensi chache kwamba aliugua ubongo, kwamba husahau mambo mapya, na kwamba daftari hili ni lake na mwandiko ni wake. Sehemu hiyo aiandike kwa mkono wake mwenyewe. Wagonjwa wengi hawajui kwamba wanasahau, na hubishana na karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine, lakini mwandiko wao huwatuliza.

McKay Sohlberg na Catherine Mateer waligawa mafunzo ya daftari katika hatua tatu: kwanza mgonjwa ajue sehemu zake, kisha azitumie kwenye mazoezi ya kuigiza, kisha azitumie kwenye maisha halisi. Watu huruka hatua ya kati. Wanampa daftari hospitalini na kutegemea atalitumia nyumbani, na baada ya wiki mbili unalikuta ndani ya droo, safi, kurasa mbili zimeandikwa.

Hatua ya kati kwa fundi wetu ni hivi. Mke anasema, "Mteja amekuja, anataka gauni la Ijumaa." Mara chache za mwanzo anamwongoza kila hatua kwa maneno na mkono: toa, fungua sehemu ya wateja, andika jina, andika kipimo, andika siku. Hapa pia hakubahatishwi. Kisha msaada unapunguzwa kutoka mwisho kwenda mwanzo: anaachiwa hatua ya mwisho peke yake, kisha mbili za mwisho, hadi kibaki kitu kimoja tu cha kumchochea, yaani mteja mwenyewe. Elizabeth Glisky na wenzake walitumia wazo linalofanana mwaka 1986, wakiwafundisha wagonjwa maneno ya kompyuta kwa kupunguza herufi za kidokezo moja baada ya nyingine.

Simu inasaidia, ila ina mtego wake. Alamu inayolia tu ni kelele. Anaizima, na sekunde chache baadaye hajui ilikuwa ya nini. Kwa hiyo jina la alamu liandikwe kama amri: "Fungua daftari sasa." Saa ziwe chache, tuseme saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Zikiwa kumi anazizoea na kuzizima zote bila kusoma. Na kwa kuwa simu huisha chaji umeme ukikatika, au huibwa kwenye daladala, daftari ndilo msingi na simu ni kengele ya kulikumbusha.

Dawa zinahitaji tahadhari ya pekee. Ukiandika "saa 2, dawa" bila zaidi, anaweza kumeza saa 2, akasoma tena saa 2 na nusu, akameza mara ya pili. Tumia kisanduku chenye vyumba 7 vya siku za wiki, mke akijaze kila Jumapili. Chumba kitupu ni ushahidi usiohitaji kukumbuka. Alama ya vema kwenye daftari iwekwe baada ya kumeza maji, kamwe isiwekwe kabla. Akiweka alama kwanza, akaitwa mlangoni, alama itamdanganya siku nzima.

Kilichoiokoa kazi yake, hata hivyo, si daftari. Ni vibandiko kwenye vitambaa. Kila kitambaa kinachoingia kinabanwa kwa pini karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja, yenye jina la mteja, vipimo kwa inchi (mabega, kifua, kiuno, urefu) na siku ya kuchukua. Chini yake kuna hatua tano: kukata, mabega, mikono, ubavu, pindo. Akimaliza hatua anaikata kwa kalamu kabla ya kunyanyuka kwenye kiti. Karatasi haitoki kwenye nguo hadi mteja aichukue. Faida yake ni kwamba kikumbusho kipo pale pale kosa linapotokea, mbele ya macho, na hahitaji kukumbuka kwamba kipo. Mikono inajua kushona. Isichojua ni nguo ya nani na imefika wapi, na hayo mawili yapo kwenye karatasi. Mkasi haushikwi kabla ya kipimo kusomwa kwa sauti, na sheria hiyo nayo ilifundishwa kwa vipindi, baada ya daftari kushika.

Kuna ukomo ambao familia ielezwe mapema. Kilichofundishwa kwa njia hii hukaa kigumu, kama reli. Fundi anaweza kujibu vizuri mkewe akiuliza sebuleni, kisha mteja akamwuliza kibandani "Nguo yangu lini?" na mkono usiende mfukoni kabisa. Hajasahau: swali lile halikuwa lile. Kwa hiyo jibu likishashika, swali linaanza kubadilishwa kidogo kidogo, waulizaji wanabadilishwa, na vikao vinahamia kibandani chini ya turubai, na makelele yake yote. Kila mahali papya vipindi vinashuka kwanza, kisha vinapanda haraka kuliko mara ya kwanza. Na nyumbani, akiuliza "Leo nina kazi gani?", mke hajibu kazi zenyewe wala hamkemei. Anaonyesha kwa kidole mfuko wa shati. Baadaye anatazama tu mfuko.

Njia hii pia haifai kila kitu. Katika kujifunza njia za kwenda mahali, utafiti haukuona faida ile ile ya kutokukosea, kwa hiyo safari ya kwenda Kariakoo kununua uzi inabaki kuwa ya kusindikizwa, au ya ramani iliyochorwa. Naye aliyepungukiwa kumbukumbu kidogo tu, anayekumbuka makosa yake, anaweza kufaidika zaidi na kujaribu na kusahihishwa.

Linabaki jambo moja ambalo halipaswi kufundishwa kwa vipindi. Tuseme mama wa fundi alifariki wakati yeye yuko wodini. Anauliza, "Mama hajaja?" Ukweli ukisemwa, analia kana kwamba ameusikia sasa hivi, na kwake ni kweli ameusikia sasa hivi. Mwaka 2010 Justin Feinstein na wenzake walionyesha kwamba watu wenye hipokampasi zilizoharibika, wakitazamishwa filamu za huzuni, hubaki na huzuni hata baada ya filamu yenyewe kufutika kichwani. Kumwuliza swali hilo mara nane ndani ya nusu saa ni kumrundikia msiba usio na sababu anayoijua.

Wala asidanganywe kwamba mama yuko safarini, maana uongo nao hujifunzwa. Habari hiyo iandikwe kwa mkono wake, ukurasa wa mwisho wa daftari, na picha ya mama ikibandikwa: amefariki, amezikwa Kisarawe, watoto walikuwepo, dua ilisomwa. Siku atakayouliza, mke aache anachofanya, akae karibu naye, na wausome ukurasa huo pamoja mara moja. Kisha wazungumze kuhusu mama alipokuwa hai, mambo ya zamani ambayo bado anayakumbuka vizuri, hadi atulie.